Kawaida, Skrini Kubwa au 3D: Filamu Ipi Inastahili Tiketi ya Bei ya Juu?

Mkazi wa Tabora au Kigoma hafiki kwenye ukumbi wa sinema wa kisasa bila safari. Filamu nyingi tunazitazama kwenye runinga ya nyumbani, kwenye simu, au katika banda la video ambamo mtafsiri huifunika sauti ya wahusika kwa Kiswahili chake na vichekesho vyake. Kwa hiyo anayeshuka Dar es Salaam kwa likizo, kwa matibabu au kufuata bidhaa Kariakoo, akapata jioni moja ya nafasi na kusimama mbele ya dirisha la tiketi, huikuta filamu ileile ikiuzwa kwa bei mbili au tatu. Ipo ya kawaida, ambayo kwenye orodha huandikwa 2D. Ipo ya pande tatu, yaani 3D, inayotazamwa kwa miwani maalumu. Na pale zilipo, ipo ya skrini kubwa, ambayo huenda ikawa IMAX, mfumo maalumu wa skrini kubwa sana, au ukumbi mkubwa ambao mwenye sinema ameupa jina lake mwenyewe. Nyongeza ya bei kwa mtu mmoja huvumilika, lakini kwa familia ya watu watano hugeuka kuwa nauli ya mtu mzima.

Maelezo yafuatayo yanazipima chaguo hizo tatu kwa vigezo vilevile, ili msomaji aweze kuamua kabla ya kufika dirishani, ambako foleni na watoto wenye hamu havimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni ukubwa wa picha machoni, ambao ni tofauti na ukubwa wa skrini ukutani. Jicho halijui skrini ina mita ngapi. Linachokipokea ni pembe, yaani sehemu ya upeo wa macho inayojazwa na picha kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Runinga ya inchi 43 ikitazamwa kutoka mita 3 hujaza takribani nyuzi 18 tu. Katika ukumbi wa sinema, wataalamu hupendekeza isipungue nyuzi 30 hivi hata kwa anayekaa nyuma, na anayetaka kuhisi kwamba yumo ndani ya tukio hutafuta nyuzi 50 au zaidi.

Kigezo cha pili ni mwanga unaofika machoni. Kipimo kilichokubaliwa kimataifa kwa sinema ya kawaida ni takribani kandela 48 kwa mita ya mraba katikati ya skrini nyeupe. Takwimu hii ikumbukwe, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi tutakapofika kwenye 3D.

Kigezo cha tatu ni namna filamu ilivyotengenezwa, yaani kamera zilizotumika na umbo la picha lililokusudiwa na waongozaji. Kigezo cha nne ni mtazamaji mwenyewe: macho yake, umri wake na mfuko wake. Sauti ningeweza kuifanya kigezo cha tano, lakini katika kumbi nyingi hupanda pamoja na ukubwa wa ukumbi, kwa hiyo nitaigusa tu pale inapohusika.

Sinema ya kawaida (2D)

Tukianza na ukubwa machoni, watu wengi hudhani hapa ndipo ukumbi wa kawaida unaposhindwa, na kwa sehemu kubwa dhana hiyo inatokana na kukaa vibaya. Chukua ukumbi wenye skrini ya upana wa mita 10, ambao mstari wa mwisho wa viti uko mita 18 kutoka kwenye skrini. Anayekaa mwisho kabisa, ambako wengi hukimbilia, anapata nyuzi 31. Mwenzake aliyekaa mita 10 kutoka kwenye skrini anapata nyuzi 53, na aliyesogea hadi mita 8 anapata nyuzi 64. Sasa chukua ukumbi mkubwa wenye skrini ya mita 20. Anayekaa katikati, mita 16 kutoka kwenye skrini, anapata nyuzi zilezile 64, lakini aliyekaa nyuma, mita 24, anapata 45 tu. Hivyo mtu aliyelipa bei ya chini na kuchagua kiti vizuri anaweza kuiona picha kubwa kuliko aliyelipa bei ya juu na kukaa nyuma.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: ukikaa umbali unaolingana na upana wa skrini, unapata takribani nyuzi 53, skrini iwe kubwa au ndogo. Kasoro ya kusogea mbele katika ukumbi mdogo ni kwamba shingo huinuka, na ukikaribia mno utaanza kuona chembe za picha, kwa kuwa kumbi nyingi hutumia projekta yenye nukta 2,048 kwa upana. Kwa nyuzi 50 na kitu, watazamaji wengi hawasumbuliwi na lolote kati ya hayo.

Kuhusu mwanga, sinema ya kawaida ndiyo yenye nafasi nzuri ya kukifikia kipimo cha kandela 48, kwa sababu hakuna kichujio mbele ya projekta wala miwani usoni. Nasema nafasi, kwa kuwa taa iliyochakaa hufifisha picha katika ukumbi wa aina yoyote. Lipo pia jambo moja lisilosemwa sana. Baadhi ya kumbi zinazoonyesha 3D zimefungwa skrini ya rangi ya fedha, na skrini hiyo hubaki hapo hata siku ya 2D. Dalili yake ni kwamba katikati ya picha huwaka kuliko pembeni, na ukihama kiti, sehemu inayowaka huonekana kuhama nawe. Ukiiona dalili hiyo, kaa katikati ya mstari.

Kuhusu utengenezaji, filamu nyingi sana hupigwa, kukatwa na kupakwa rangi zikitazamwa kwa 2D, kwa hiyo hapa unaona kile ambacho mwongozaji alikiangalia siku zote akiwa kazini. Filamu za mazungumzo, za mahakamani, za mapenzi, za vichekesho na za upelelezi hazipungukiwi chochote.

Kwa mtazamaji, sinema ya kawaida haina masharti. Mwenye miwani ya macho, mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na mtoto wa miaka 4 wote wanaona kitu kimoja. Inamfaa pia anayekwenda kwa ajili ya hadithi, na yule ambaye hajui lolote kuhusu filamu anayoingia kutazama.

Skrini kubwa

Chini ya jina hili zimo bidhaa mbili zinazouzwa kwa bei zinazokaribiana, na inafaa kuzitenganisha kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza ni ukumbi mkubwa wa kawaida uliopewa jina la kibiashara: skrini pana, viti vizuri, vipaza sauti vingi, mara nyingine hata darini. Filamu inayoonyeshwa humo ni ileile ya ukumbi wa jirani, iliyokuzwa tu. Ya pili ni IMAX, mfumo uliotoka Kanada na kuonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, ambao una kamera zake, projekta zake na, kwa baadhi ya filamu, umbo lake la picha.

Katika ukubwa machoni, hesabu ya viti tuliyoifanya inapunguza faida ya upana. Kinachobaki, na ambacho ukumbi mdogo hauwezi kukutolea hata usogee namna gani, ni kimo cha picha. Filamu nyingi kubwa huonyeshwa kwa umbo refu na jembamba, ambalo upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Kumbi za kidijitali za IMAX huweza kuonyesha umbo la 1.90, maana yake kwa upana uleule picha huongezeka kimo kwa takribani robo. Kumbi chache zaidi, zenye skrini inayokaribia mraba ya 1.43, huongeza kimo kwa karibu theluthi mbili. Ongezeko hilo linaonekana wazi pale kamera inapotazama mlima, jengo refu, au meli kutoka usawa wa maji.

Hata hivyo ongezeko hilo lipo tu pale filamu ilipotengenezwa kwa ajili yake, na hapa ndipo kigezo cha tatu kinapokuwa na uzito kuliko vingine vyote. Filamu ya The Dark Knight ya mwaka 2008 ilikuwa ya kwanza miongoni mwa filamu kubwa za hadithi kupigwa kwa kamera za IMAX, lakini kwa baadhi ya matukio tu. Katika ukumbi wa mfumo huo picha ilipanuka kwenda juu na chini matukio hayo yalipofika, kisha ikarudi kuwa nyembamba. Oppenheimer ya mwaka 2023 ilipigwa kwa utepe mpana wa filamu, sehemu kubwa kwa kamera za IMAX, lakini kumbi zilizoweza kuionyesha kwa utepe huo wenyewe zilikuwa takribani 30 tu duniani. Waliokwenda kwenye IMAX ya kidijitali walipata sehemu ya kimo hicho, na waliokwenda ukumbi wa kawaida waliona picha iliyokatwa juu na chini, ingawa waongozaji huhakikisha kwamba hakuna kitu cha lazima kinachoachwa nje ya ukato huo.

Filamu nyingine huingizwa IMAX kwa kusafishwa na kukuzwa, bila kuongezewa kimo. Hizo hazina ubaya, ila unacholipia ni mwanga mzuri na sauti nzito, wala si picha usiyoweza kuipata kwingine. Kutofautisha ni rahisi ukiwa na simu. Tangazo likiandikwa "Filmed For IMAX", kamera na umbo la picha vilipangwa kwa ajili ya mfumo huo. Likisema tu kwamba filamu inapatikana katika IMAX, ingia kwenye tovuti ya IMDb, fungua ukurasa wa filamu husika, shuka hadi sehemu ya "Technical specs" na usome mstari wa "Aspect ratio". Ukiona 1.90 au 1.43 imetajwa pamoja na neno IMAX, kuna kimo cha ziada. Ukiona 2.39 peke yake, hakipo.

Mwanga kwa kawaida ni mzuri, hasa penye projekta za leza. Mtazamaji naye hahitaji miwani wala macho ya namna fulani, lakini sauti ya kumbi hizi huwa kubwa kiasi cha kuwatisha watoto wadogo na kuwachosha wazee, na mistari ya mbele humlazimisha mtu kugeuza kichwa ili kufuata mazungumzo. Chaguo hili linamfaa apendaye mandhari, vita, safari za angani, filamu za maumbile na maonyesho ya muziki, mradi awe tayari kukata tiketi mapema ili apate kiti kilicho katikati au nyuma kidogo ya katikati.

Pande tatu (3D)

3D huutegemea ukweli mmoja wa mwili, kwamba macho mawili huona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo huzitumia tofauti hizo kukisia umbali. Ukumbi hutupa picha mbili kwenye skrini moja, na miwani huhakikisha kila jicho linapata iliyo yake. Katika mfumo ulioenea zaidi, projekta moja hupokezana picha ya kushoto na ya kulia kwa kasi ya mara 144 kwa sekunde, kichujio kilicho mbele yake huupa mwanga wa kila picha mwelekeo wake, skrini ya rangi ya fedha huurudisha bila kuuvuruga mwelekeo huo, na kila kioo cha miwani hupitisha mmoja na kuuzuia mwingine.

Ukubwa wa picha machoni haubadiliki, na kwa hisia ya baadhi ya watu hata hupungua, kwa kuwa kitu kinachoonekana kuwa karibu chenye kingo dhahiri huonekana kama mwanasesere. Kasoro hiyo hupungua ukikaa mahali ambapo kingo za skrini haziingii sana machoni, ndiyo maana 3D kutoka mstari wa mwisho wa ukumbi mdogo ni matumizi mabaya ya fedha. Kukaa pembeni nako huharibu, kwa kuwa kina cha picha hupindana na skrini ya fedha hufifia upande huo.

Mwanga ndio udhaifu wake mkubwa. Kwa kuwa projekta hugawa muda wake kati ya macho mawili, na kichujio pamoja na miwani vyote hula sehemu ya mwanga, kinachofika machoni katika kumbi nyingi ni takribani kandela 15 badala ya 48, yaani chini kidogo ya theluthi moja. Filamu iliyoandaliwa vizuri huongezewa mwangaza katika nakala yake ya 3D ili kufidia, lakini fidia hiyo ina kikomo. Matukio ya usiku, ya mapangoni na ya vyumba visivyo na taa hugeuka kuwa tope la kijivu. Kumbi za IMAX zenye projekta mbili zina nafuu hapa, maana kila projekta huhudumia jicho lake muda wote. Ukishakuwa na uhakika kwamba filamu inastahili 3D, na mfumo huo upo, hapo nyongeza ya IMAX juu ya nyongeza ya 3D ina sababu inayoeleweka.

Utengenezaji wa filamu za 3D una njia tatu. Ya kwanza ni kuipiga filamu kwa kamera mbili zilizofungwa pamoja, kama ilivyofanyika kwa Avatar ya mwaka 2009, ambayo mafanikio yake ndiyo yaliyoifanya biashara nzima ya sinema ikimbilie miwani. Ya pili ni katuni za kompyuta, ambazo mandhari yake yote yana umbali halisi ndani ya mashine, kwa hiyo picha ya jicho la pili hupatikana kwa kuweka kamera ya pili ya kidijitali mahali pake. Ya tatu ni kuigeuza filamu iliyokwisha kupigwa kwa kamera moja: mafundi huchora mipaka ya kila mtu na kila kitu katika kila fremu, huvipa umbali wa kukisia, kisha hujaza kwa mkono sehemu ambazo jicho la pili lingeziona nyuma yake. Kazi hiyo ikipangwa tangu mwanzo na kupewa muda, matokeo huweza kuwa mazuri sana. Ikiamuliwa mwishoni ili kupandisha bei ya tiketi, unapata kitu kama Clash of the Titans ya mwaka 2010, iliyogeuzwa haraka katika wiki chache na kulaumiwa pande zote, ambamo watu walionekana kama makaratasi yaliyosimamishwa katika safu, nywele zao zimegandana na ukuta wa nyuma.

Hata njia ikiwa nzuri, mtindo wa upigaji unaweza kuiua faida. Macho huhitaji muda mfupi kutulia kila umbali unapobadilika, hivyo filamu ya mapigano inayokatwa kila nusu sekunde kwa kamera inayotikisika huwachosha watu bila kuwapa kina chochote cha kukumbuka. Inayonufaika ni ile ambayo kamera husonga polepole na kudumu mahali: kupaa juu ya mabonde, kuogelea kati ya matumbawe, kuelea angani, au kutembea ndani ya ulimwengu wa kubuni uliojengwa kwa makini. Ukiwa na mashaka baada ya kuingia, vua miwani kwa sekunde chache katika matukio tofauti. Picha iliyojaa vivuli viwili viwili ina kina. Inayoonekana safi karibu kote ni ya 2D iliyouzwa kwa bei ya 3D.

Mtazamaji ndiye kigezo cha mwisho, na hapa 3D ina masharti mazito. Mwenye makengeza, mwenye jicho moja dhaifu tangu utotoni, au mwenye jicho moja lisiloona hapati kina chochote. Anapata giza na miwani tu. Kipo kipimo kidogo unachoweza kukifanya nyumbani: shika kalamu mbili, moja kila mkono, nyoosha mikono nusu na ujaribu kuzigusanisha ncha kutoka pembeni, kwanza ukiwa umefumba jicho moja, kisha kwa macho yote mawili. Kama kwa macho mawili hakuna wepesi wowote ulioongezeka, huenda 3D haitakupa kitu, na si vibaya kulitaja jambo hilo kwa mtaalamu wa macho. Wengine huona kina vizuri lakini huumwa kichwa, kwa sababu macho yanaambiwa yakutane kwenye kitu kilicho hatua mbili mbele yao huku yakilazimika kulenga skrini iliyo mbali zaidi, jambo ambalo maisha ya kawaida hayayadai. Watoto wadogo husumbuliwa na miwani iliyowazidi, nao huivua kabla filamu haijafika nusu.

Lipo jambo moja linaloipa 3D uzito kwa sisi tunaokaa mbali. Watengenezaji wakubwa wa runinga waliacha kutoa runinga za 3D ilipofika mwaka 2017 hivi, kwa hiyo filamu nzuri ya 3D usipoiona ukumbini itakuwa vigumu sana kuiona hivyo nyumbani. Filamu ya kawaida itakufuata hadi Ujiji, hii haitakufuata.

Mfano wa familia moja

Tuchukue familia ya watu watano kutoka Kigoma: baba anayevaa miwani ya macho, mama, kijana wa miaka 15, mtoto wa miaka 4, na bibi ambaye amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja na upande wa pili bado haoni vizuri. Wamesafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli na barabara kufika Dar es Salaam. Bei ninazozitaja ni za kukokotolea tu: tiketi ya kawaida shilingi 12,000, ya 3D shilingi 15,000 na miwani shilingi 2,000, ya skrini kubwa shilingi 20,000, bila punguzo la mtoto.

Wakitaka kutazama pamoja katuni ya kompyuta, ya kawaida itawagharimu shilingi 60,000 na ya 3D shilingi 85,000. Kwa utengenezaji, katuni hiyo inastahili 3D. Lakini bibi hatapata kina kwa sababu ya jicho lake la pili, mtoto ataivua miwani, na baba atavaa miwani juu ya miwani kwa saa moja na nusu. Watakaofaidi bila usumbufu ni mama na kijana, kwa hiyo shilingi 25,000 za ziada zinanunua kina kizuri kwa watu wawili na usumbufu kwa watatu. Ningewakatia tiketi za kawaida zote na kuwatafutia viti vya katikati.

Jioni ya pili baba na kijana wanataka filamu ya vita iliyotangazwa kuwa imepigwa kwa ajili ya skrini kubwa. Kwa hao wawili tofauti ni shilingi 16,000. Wamehakiki umbo la picha na kuona 1.90, wamefika mapema wakapata viti vya katikati, na hakuna miwani ya kugombana na ya baba. Hapo nyongeza inanunua kimo ambacho ukumbi mdogo haukionyeshi. Kama IMDb ingesema 2.39 peke yake, ningewashauri waingie ukumbi wa kawaida na kukaa umbali unaolingana na upana wa skrini.

Mwongozo kwa hali yako

Ukiwa na wazee, watoto wadogo au kundi lenye macho ya hali mbalimbali, chagua ya kawaida, na fedha iliyobaki iingie kwenye viti vizuri pale ambapo bei hutofautiana kwa kiti.

Ukiwa peke yako au na mwenzako, macho yenu ni mazima, na filamu imepigwa kwa kamera mbili au ni katuni yenye mandhari mapana na mwanga wa kutosha, 3D inafaa kulipiwa, hasa kwa kuwa nyumbani ni vigumu kuipata tena kwa sura hiyo. Ikiwa filamu hiyohiyo ina matukio mengi ya usiku, tafuta ukumbi wa projekta mbili au leza, na ukiukosa chukua 2D.

Filamu iliyogeuzwa kuwa 3D baada ya kupigwa haistahili kukataliwa moja kwa moja. Soma maoni ya waliokwisha kuitazama wakitaja 3D yenyewe, kwa kuwa sifa za hadithi hazisemi lolote kuhusu miwani. Usipopata maoni hayo, chukua 2D.

Filamu yenye kimo cha ziada kilichothibitishwa, na ambayo umeingoja kwa muda mrefu, inastahili IMAX hata kama itabidi uahirishe hadi safari yako ya mji wenye ukumbi huo, ikiwa safari hiyo ilikuwepo tayari kwa sababu nyingine. Kwa ukumbi mkubwa usio wa IMAX, lipia nyongeza pale tu unapotaka sauti, kama ilivyo kwa maonyesho ya muziki, au pale ambapo viti vizuri vya ukumbi mdogo vimekwisha.

Na ukifika dirishani ukakuta kwamba viti vilivyobaki vya 3D au vya skrini kubwa ni vya pembeni kabisa au vya mstari wa kwanza, uliza saa ya onyesho la kawaida linalofuata.